Benki isipojibu, mshale unaofuata kwenye mchoro wa malipo uende wapi?

KaziMbele (#1)
Wakuu, habari za leo. Nina mchoro wa mfuatano wa malipo ya simu wenye mistari minne: mteja, apu, seva na benki. Njia ya furaha haina shida. Mteja anabonyeza Lipa na kuweka namba ya siri ndani ya apu, apu inatuma ombi kwa seva, seva inaiambia benki ikate, benki inajibu, na jibu linarudi kwa njia ileile. Njia ya salio kutotosha nayo nimeichora. Kinachonisumbua ni kisanduku cha tatu cha `alt`, ambacho kwa sasa kinasomeka hivi:

```
  else muda umeisha, sekunde 30
    S-->>A: IMESHINDWA
    A-->>M: Malipo yameshindikana
```

Nilikiandika bila kufikiri sana. Wiki iliyopita mteja mmoja akakatwa mara mbili kwa malipo ya 5,000. Nimekaa na logi siku nzima na naanza kuamini kosa limo kwenye mchoro wenyewe, si kwenye msimbo. Msimbo umefanya kile hasa nilichochora. Sasa ule mshale wa `IMESHINDWA` niubadilishe uwe nini?

Kipanga (#2)
Mkuu, sekunde 30 ni chache. Weka 120. Benki nyingi zinajibu ndani ya dakika moja, kwa hiyo kisanduku hicho hutakiingia tena.

mgeni_huku (#3)
Hata mimi imenikuta. Nimelipa, apu ikasema imeshindikana, kisha meseji ya kukatwa pesa ikaingia dakika kama nne baadaye. Naomba mnisaidie nirudishiwe, nimpigie nani?

Zuhura_K (#4)
@mgeni_huku pole sana ndugu. Hapa tunajadili namna ya kuuchora mfumo, pesa yako hatuwezi kuigusa. Nenda kwa watoa huduma wako na namba ya muamala iliyo kwenye meseji, si picha ya skrini ya apu. Namba hiyo ndiyo wanayoweza kuitafuta.

@KaziMbele lakini msikilize huyu mgeni. Dakika nne zake ndizo jibu kwa Kipanga. Ungeweka 120 bado angeambiwa imeshindikana. Namba yoyote utakayoandika, ipo siku benki itaipita kwa sekunde moja.

Nahodha77 (#5)
KaziMbele, umelihisi kosa vizuri. Kisanduku chako kinadai jambo ambalo seva haina njia ya kulijua.

Tazama mshale unaotoka seva kwenda benki. Ukimya una sababu tatu. Ombi limepotea njiani na benki haijaliona kabisa. Au benki imelipokea na bado inalishughulikia. Au imeshakata pesa, na kilichopotea ni jibu. Ukiwa umesimama kwenye mstari wa seva, yote matatu yanafanana: sekunde 30 zimepita na hakuna kitu. Mtu anayeandika `IMESHINDWA` hapo amechagua ya kwanza na kuzikana mbili nyingine.

Hali sahihi ni `HAIJULIKANI`, na lazima iwe hali kamili kwenye hifadhidata kama zilivyo nyingine, na mteja aambiwe hivyohivyo: bado tunathibitisha, usilipe tena. Muda wa kusubiri unakuambia tu lini uache kumshikilia mteja kwenye skrini. Hauna la kusema kuhusu pesa.

Weka logi hapa tuione.

KaziMbele (#6)
Asante Nahodha. Hii hapa, nimepunguza tu yasiyohusika:

```
10:14:03.212  seva -> benki  kata 5000  rejea=A7-0091
10:14:33.214  seva           muda umeisha
10:14:33.230  seva -> apu    A7-0091 IMESHINDWA
10:14:41.870  seva -> benki  kata 5000  rejea=A7-0092
10:14:43.002  benki -> seva  A7-0092 IMEFAULU
10:14:52.655  benki -> seva  A7-0091 IMEFAULU
10:14:52.657  seva           A7-0091 imefungwa, taarifa imepuuzwa
```

Zuhura_K (#7)
Huo mstari wa mwisho umenitoa jasho. Benki imewaletea ukweli, seva ikautupa kwa sababu ilishajiamulia.

Na tazameni nafasi kati ya mstari wa tatu na wa nne. Mteja aliambiwa imeshindikana, akasubiri sekunde nane na ushee, akabonyeza tena. Hakukosea chochote, alifuata maneno ya skrini. Hiyo nafasi inastahili kuwa kwenye mchoro wako: mshale wa pili kutoka kwa mteja, ndani ya kisanduku cha muda kuisha. Michoro mingi ya malipo inamchora mteja akibonyeza mara moja tu halafu anakaa kimya kama jiwe.

Kipanga (#8)
Sawa, 120 naiondoa. Basi seva yenyewe irudie mara tatu kabla ya kumjibu mteja. Weka `loop` juu ya mshale wa kwenda benki, tatizo limekwisha.

Nahodha77 (#9)
Kurudia ni wazo zuri, ila inategemea unarudia na nini mkononi. Kwenye logi yake ombi la pili lina rejea mpya, `A7-0092`. Kwa benki hayo ni malipo mawili tofauti ya mtu mmoja, na watu hulipa kiasi kilekile mara mbili kwa nia yao kila siku. Benki ilitii tu. `loop` yako ikizalisha rejea mpya kila mzunguko, mteja atakatwa mara tatu badala ya mbili.

Rejea ikiwa ileile, benki inayotunza rejea itasema hili nimeshalifanya, na kukurudishia jibu la mwanzo bila kukata tena. Kwa hiyo kabla ya kuchora `loop` uliza benki yako mambo mawili: mnakagua rejea iliyojirudia, na mnaikumbuka kwa muda gani? Wengine huikumbuka siku moja tu. Ukirudia baada ya hapo, kwao ni malipo mapya.

Fundi_Nyuma (#10)
Naongeza hapohapo: ufunguo, yaani hiyo rejea isiyobadilika, unazaliwa wapi? Nimeona timu inasema "tuna ufunguo wa ombi", ukifungua msimbo unakuta unatengenezwa ndani ya seva kila ombi linapoingia. Huo haufanyi kazi yoyote. Mtandao ukikatika kati ya apu na seva, apu ikituma tena, seva inauona ufunguo mpya.

Uzaliwe kwenye apu, mteja anapofungua ukurasa wa kulipa, kabla hajabonyeza. Uandikwe kwenye simu, ili hata apu ikifungwa na kufunguliwa urudi uleule. Akimaliza au akighairi, ndipo unatupwa. Akibadili kiasi kutoka 5,000 kuwa 6,000, ni ufunguo mpya. Seva ikiona ufunguo wa zamani na kiasi tofauti, ikatae waziwazi, isijaribu kuwa na huruma.

Bibi_Hesabu (#11)
Wanangu, mimi si wa msimbo, nalinganisha vitabu vya benki na vyetu kila asubuhi. Hiki mnachokiita `HAIJULIKANI` mimi nimekiishi miaka mingi bila kujua kina jina. Huku kwetu kinaonekana kama mstari uliopo kwenye taarifa ya benki na haupo kwenye mfumo wetu, au upo na umeandikwa umeshindikana.

Siku ya kawaida nakuta michache. Siku benki ikiyumba nakuta kurasa. Kwa kila mstari natafuta mteja, naangalia kama alilipa tena baadaye kidogo, na kama kiasi ni kilekile. Shida ni hapo: mteja akiwa amelipa mara mbili kwa kiasi kilekile, mimi siwezi kujua kama alikusudia. Lazima nimpigie. Kwa hiyo huo ufunguo wa Fundi ukinifikia hadi kwenye taarifa ya benki, mtakuwa mmenipunguzia simu nyingi.

Na mchoro wako, KaziMbele, unaishia kwa mteja. Mimi sipo. Nichoreni na mimi.

KaziMbele (#12)
Shikamoo bibi, nimekuelewa. Nitaweka mstari wa tano.

Nimejaribu upya nikifuata Nahodha na Fundi. K1 ni ufunguo uliozaliwa kwenye apu, na huohuo ndio rejea kwa benki:

```
sequenceDiagram
  participant M as Mteja
  participant A as Apu
  participant S as Seva
  participant B as Benki
  M->>A: Lipa 5000
  A->>S: ombi, ufunguo=K1
  S->>S: andika K1, hali=INASUBIRI
  S->>B: kata 5000, rejea=K1
  alt benki imejibu
    B-->>S: IMEFAULU au IMEKATALIWA
    S-->>A: jibu lilelile
  else kimya, sekunde 30
    S->>S: hali=HAIJULIKANI
    S-->>A: bado tunathibitisha
    loop mpaka jibu la mwisho
      S->>B: hali ya K1?
      B-->>S: jibu
    end
  end
```

Fundi_Nyuma (#13)
Safi. Nimefurahi kuona umeandika K1 kabla ya mshale wa benki. Ukigeuza mistari hiyo miwili, siku seva itakapozimika katikati, pesa itakuwa imekatwa na upande wako hakuna hata alama ya kwamba uliwahi kuiomba.

Nahodha77 (#14)
Nzuri sana, ila kwenye `loop` yako kuna mtego. Umeandika "jibu". Jibu gani? Benki ikisema imefaulu au imekataliwa, umemaliza. Ikisema "sina rejea K1", utafanyaje?

Kipanga (#15)
Hiyo ni rahisi mkuu, haipo maana yake haikufika. Funga kama imeshindwa, mteja alipe upya.

Nahodha77 (#16)
Hapana Kipanga, na hapa ndipo hata watu wazoefu huanguka. Swali lako na ombi lako la kukata havisafiri njia moja. Ombi linaweza kuwa limekaa kwenye foleni mahali fulani kati yenu, swali likapita pembeni na kufika kwanza. Sekunde ya 35 benki inasema sina K1, kwa ukweli kabisa. Sekunde ya 40 K1 inafika na inakatwa. Wewe ulishafunga sekunde ya 36.

"Haipo" maana yake ni "haipo kwa sasa". Inakuwa jibu la mwisho pale tu ombi lenyewe lilipobeba muda wa mwisho wa uhalali, yaani unaiambia benki: likifika baada ya saa fulani, usilitekeleze. Saa hiyo ikishapita na benki bado inasema haipo, hapo funga kwa amani. Benki isiyokubali sharti hilo, unabaki kuuliza mpaka vitabu vya bibi vifungwe.

Mzee_wa_Swichi (#17)
Nimewasoma toka juu. Sisi tuliokulia kwenye ujumbe wa kadi wa ISO 8583 hatukuwa na habari ya kuuliza hali. Unatuma `0200` ya kuomba kukata, muda ukiisha bila jibu lake `0210`, unatuma `0420`: kile nilichokuomba, kama ulikifanya, kifute. Unairudia hiyo mpaka upate jibu lake, `0430`. Mteja anaambiwa imeshindikana, na safari hii ni kweli, kwa sababu umehakikisha pesa inarudi. Kwa nini mnamning'iniza mtu kwenye "bado tunathibitisha"?

Zuhura_K (#18)
Mzee, hiyo ni safi pale pesa ya mteja inapokatwa na mashine imeshamwambia aondoke. Lakini foleni ya Nahodha bado ipo. `0420` ikiitangulia `0200`, benki inafuta kitu ambacho hakijafika, halafu kinafika na kinakatwa.

Mzee_wa_Swichi (#19)
Binti, benki iliyojengwa vizuri inaukumbuka ujumbe wa kufuta hata kama haijauona wa kukata. Wa kukata ukifika nyuma yake, unakataliwa. `0420` inabeba vitambulisho vya ujumbe wa awali, kwenye sehemu ya 90, kwa kazi hiyohiyo.

Zuhura_K (#20)
Nakubali, *iliyojengwa vizuri*. Nimekutana na moja iliyojibu kufuta kwa "muamala haupo" na kuusahau papo hapo. Na kuna la pili: mteja ambaye pesa yake ilikatwa na kurudishwa, halafu akalipa upya, kwa muda fulani ana makato mawili na rejesho moja kwenye meseji zake. Anapiga simu akiwa na hofu. Kuuliza hali kunamsubirisha, lakini kunaishia kwenye kato moja.

Mzee_wa_Swichi (#21)
Na anayesubiri dakika kumi mbele ya mlango asijue kama aondoke na bidhaa au aiache, huyo hana hofu? Mimi nabaki na kufuta kwa malipo ya ana kwa ana.

Fundi_Nyuma (#22)
Nadhani nyote wawili mnazungumzia biashara tofauti. Anayelipia bili nyumbani anaweza kusubiri. Aliyesimama kaunta hawezi. Ila hamuwezi kuweka vyote kwenye mchoro mmoja na kusema seva itachagua.

KaziMbele, na ile taarifa iliyopuuzwa? Mchoro wako mpya hauna hiyo. Benki inaweza kuleta `IMEFAULU` bila kuulizwa, huku `loop` nayo inauliza, na zote zikafika pamoja. Mimi naipitishia kwenye sentensi moja:

```
UPDATE malipo SET hali='IMEFAULU'
WHERE rejea='K1'
  AND hali IN ('INASUBIRI','HAIJULIKANI');
```

Mstari mmoja ukibadilika, wewe ndiye wa kwanza, toa bidhaa. Ukipata sifuri, usiitupe taarifa kama mlivyofanya. Soma hali iliyopo. Ikiwa tayari `IMEFAULU`, ni nakala tu, ijibu vizuri ili benki iache kuituma. Ikiwa kitu kingine, mpelekee bibi.

mgeni_huku (#23)
Nimewapigia kama dada Zuhura alivyosema, wameiona namba. Wanasema itarudi. Asanteni. Ila meseji yao inaonyesha saa ya kukatwa ni ileile niliyobonyeza, si dakika nne baadaye. Hii ni kawaida?

Nahodha77 (#24)
Ndugu mgeni, umetuletea kitu kizuri. Maana yake pesa ilikatwa mapema na kilichochelewa ni habari. KaziMbele, kwenye taarifa ya benki `A7-0091` imeandikwa saa ngapi?

KaziMbele (#25)
Nimeangalia sasa hivi. 10:14:11. Sikuwa nimefikiria kulinganisha.

Kipanga (#26)
Kumbe benki ilimaliza kwa sekunde nane! Basi si foleni ya benki. Jibu lilipotea likirudi, na kilichofika 10:14:52 ni taarifa ya pili inayotumwa kwa njia nyingine. Nadhani kuna ukuta wa usalama unaokata muunganisho uliokaa kimya.

Zuhura_K (#27)
Kipanga hapo umegonga pazuri, angalau nusu. Lakini muunganisho wa sekunde nane ni mchanga mno kukatwa kwa ukimya, labda kama ulikuwa ule wa zamani unaotumika tena na tena. Mimi ningeangalia seva yenyewe: kama nyuzi zake zote zilikuwa zimeshikwa na maombi mengine, jibu linaweza kuwa lilifika na hakuna aliyelisoma. KaziMbele, dakika hiyo mlikuwa na maombi mangapi yanayosubiri?

KaziMbele (#28)
Mengi kuliko kawaida, ilikuwa mwisho wa mwezi. Lakini `A7-0092` ilijibiwa kwa sekunde moja na kidogo, dakika hiyohiyo.

Mzee_wa_Swichi (#29)
Kabla hamjajenga nyumba juu ya 10:14:11, ulizeni ni saa ya mashine ipi. Mimi nimewahi kufukuza kosa siku mbili, mwisho nikakuta saa za pande mbili zinapishana sekunde arobaini. Tafuta muamala mwingine uliofaulu bila matatizo, kama huo wa `0092`, uone benki imeuandika saa ngapi.

KaziMbele (#30)
Wameuandika 10:14:12.

Nahodha77 (#31)
Ulitoka kwako 10:14:41. Saa yao iko nyuma yako kwa sekunde 29 hadi 31. Basi 10:14:11 yao ni kama 10:14:41 yako, na `0091` ilikatwa takriban wakati uleule na `0092`. Mzee, heshima yako.

Kipanga (#32)
Kwa hiyo tunarudi kwenye foleni ya benki? Kitu kilikuwa kimeziba kisha kikafunguka, yote mawili yakapita pamoja.

Zuhura_K (#33)
Au kilichoziba kiko upande wetu: ombi la kwanza lilikaa kwenye seva bila kutoka, logi ikaandika "seva -> benki" kabla ya kutuma kweli. Ikiwa hivyo, hata mshale wa mchoro unaokwenda benki unasema uongo kidogo. KaziMbele, logi hiyo inaandikwa kabla au baada ya kutuma?

KaziMbele (#34)
Kabla. Nimeona sasa. Nimewaandikia benki watupe saa waliyolipokea ombi, si saa waliyokata. Wakijibu nitaleta hapa. Wakati huo nimeufuta mshale wa `IMESHINDWA` na `0091` nimempelekea mhasibu wetu kwa mkono.

Bibi_Hesabu (#35)
Mwambie ampigie mteja leo, asisubiri jibu la benki. Na huo mstari wangu wa tano bado sijauona.